Namba Mbili Zinazotabiri Mwendo

Fundi wa gari anapotaka kujua kama shokapu ni nzima, hahitaji mashine. Anasimama kwenye kona moja ya gari, anaweka viganja vyote viwili juu ya boneti, anakandamiza kwa uzito wa mwili wake, kisha anaachia ghafla na kutazama. Kona ikipanda, ikapitiliza kidogo na kutulia, shokapu inafanya kazi. Ikipanda na kushuka mara tatu nne kabla ya kutulia, mafuta yamevuja au vali za ndani zimelika. Ikirudi polepole bila kupitiliza hata kidogo, shokapu iliyofungwa ni ngumu mno kwa gari lile.

Huu ni uainishaji makini wa mwendo, na hisabati inao wa kwake unaofanana nao. Unahusu mfumo wowote ambao hali yake inaelezwa kwa namba mbili, na ambao kasi ya kubadilika kwa namba hizo inategemea namba zenyewe. Mfumo wa namna hiyo una mahali pa kutulia, na swali ni nini kinatokea ukiusogeza kidogo kutoka hapo. Majibu makuu ni manne, nayo hupewa majina ya fundo, spirali, kitovu na tandiko. Kinachovutia ni kwamba jibu hupatikana bila kufuata mwendo wenyewe hatua kwa hatua. Unatafuta namba mbili ziitwazo thamani aigeni, unaangalia alama zake na sura yake, basi. Makala haya yanapita njia hiyo kwa kona ile ya gari, kisha yanageukia mfano wa pili ambao matokeo yake yalifika hadi pwani yetu.

Tuseme kona moja ya gari dogo inabeba kilo 300. Springi yake ina ugumu wa nyutoni 19,500 kwa mita, maana yake kuibana sentimita 1 kunahitaji uzito wa kilo 20 hivi. Shokapu inapinga mwendo kwa nguvu ya nyutoni 2,400 kwa kila mita 1 kwa sekunde ya kasi. Namba hizi nimezichagua ziwe karibu na za gari halisi na wakati huohuo zitupe hesabu safi.

Hali ya kona hiyo kwa wakati wowote inahitaji namba mbili. Ya kwanza ni x, yaani umbali wa kona kutoka mahali inapokaa gari likiwa limetulia. Ya pili ni v, yaani kasi yake ya kupanda au kushuka. Ukijua x peke yake hujui lolote la maana, kwa sababu kona iliyo sentimita 2 chini ikiwa inapanda ina mustakabali tofauti na kona iliyo sentimita 2 chini ikiwa bado inashuka. Springi inairudisha kona kwa nguvu inayolingana na x, na shokapu inaizuia kwa nguvu inayolingana na v. Ukigawa nguvu hizo kwa kilo 300 unapata milinganyo miwili:

x' = v
v' = −65x − 8v

Mkato ulio juu ya herufi unamaanisha kiasi ambacho namba hiyo inabadilika kwa sekunde. Mlinganyo wa kwanza unasema tu kwamba umbali unabadilika kwa kadiri ya kasi. Wa pili ndio wenye fizikia: 65 ni ya springi, 8 ni ya shokapu. Hakuna vipeo vya pili wala x kuzidishwa na v, ndiyo maana mfumo huu huitwa mfumo wa mstari. Na mahali pekee ambapo hakuna kinachobadilika ni pale x na v zote zikiwa sifuri. Hapo ndipo nukta ya msawazo.

Sasa chora ramani. Mstari wa kulala uwe wa x, wa kusimama uwe wa v. Kila hali ya kona ni nukta moja kwenye ramani hiyo, na muda unavyokwenda nukta inatembea na kuacha njia. Anayeangalia gari anaona kitu kinachopanda na kushuka, lakini anayeangalia ramani anaona umbo, na maumbo hayo ndiyo yanayopewa majina.

Ili kupata thamani aigeni, tunauliza swali moja: je, upo mwendo ambao x na v zinapungua au kukua pamoja, kwa uwiano uleule, kana kwamba mfumo mzima unazidishwa na namba moja kila sekunde? Mwendo wa namna hiyo huandikwa kwa kipeo, e^(λt), ambapo λ ndiyo namba tunayoitafuta. Kama x inafuata e^(λt), basi v ni λ mara x, na v' ni λ² mara x. Ukiweka hayo kwenye mlinganyo wa pili, x inajifuta pande zote na kinachobaki ni hiki:

λ² + 8λ + 65 = 0

Huu ni mlinganyo wa kwadratiki kama ule wa sekondari. Kanuni yake inatoa −4 jumlisha au toa kipeuo cha pili cha 16 − 65, yaani cha −49. Namba hasi haina kipeuo cha pili miongoni mwa namba halisi, kwa hiyo majibu ni namba changamano: −4 + 7i na −4 − 7i, ambapo i ni kipeuo cha pili cha −1.

Wanafunzi wengi huogopa wakifika hapa, wakidhani hesabu imeharibika. Haijaharibika hata kidogo. Ile i ndiyo inayosema kwamba kona haitarudi moja kwa moja bali itapitiliza, kwa sababu kipeo chenye i ndani yake huzaa sini na kosini, yaani mwendo wa kwenda na kurudi. Ile 7 ni kasi ya kuzunguka: mzunguko mmoja kamili unachukua 2π ÷ 7, kama sekunde 0.9. Ile −4 ni kasi ya kufifia: mwendo wote unazidishwa na e^(−4t). Sehemu moja ya namba inaeleza mzunguko, nyingine inaeleza hatima.

Fundi akiikandamiza kona sentimita 4 na kuiachia, itapanda hadi ipitilize upande wa juu kwa karibu sentimita 0.7, kisha mzunguko mmoja ukiisha itakuwa imebaki na chini ya asilimia 3 ya sentimita zile 4. Macho hayaoni tena kitu. Kwenye ramani, nukta inazunguka ikisogea ndani, ikikaza duara lake hadi katikati. Hiyo ndiyo spirali, na kwa kuwa sehemu halisi ya thamani aigeni ni hasi, spirali hii inaingia ndani. Kama sehemu hiyo ingekuwa chanya, njia ileile ingetoka nje na kila mpito ungekuwa mkubwa kuliko uliotangulia.

Shokapu ikichakaa, kinachobadilika ni ile 8 peke yake, kwa sababu springi na uzito viko palepale. Tuseme nguvu yake imeshuka hadi robo, nyutoni 600. Sasa mlinganyo ni λ² + 2λ + 65 = 0 na majibu ni −1 ± 8i. Mzunguko umekuwa mwepesi kidogo, sekunde 0.79, lakini ufifiaji umeshuka kutoka 4 hadi 1. Kona iliyokandamizwa sentimita 4 inapanda hadi sentimita 2.7 juu, inarudi sentimita 1.8 chini, inapanda tena 1.2, inashuka 0.8. Hii ndiyo ile «mara tatu nne» ya fundi. Aina ya msawazo haijabadilika, bado ni spirali inayoingia. Jina peke yake, basi, halitoshi kukuambia kama gari ni salama. Namba zenyewe ndizo zinazosema kutulia kutachukua muda gani.

Twende upande wa pili tufunge shokapu ngumu, ya nyutoni 5,400. Ile 8 inakuwa 18, na mlinganyo λ² + 18λ + 65 = 0 unagawanyika vizuri: (λ + 5)(λ + 13) = 0. Thamani aigeni ni −5 na −13. Zote ni namba halisi, zote hasi, na i imetoweka. Hakuna mzunguko tena. Kona inarudi mahali pake bila kupitiliza, na msawazo wa namna hii ndio huitwa fundo.

Fundo lina tabia ambayo ni rahisi kuipuuza. Mwendo wake ni mchanganyiko wa vipande viwili, kimoja kinachofifia kwa kasi ya 13 na kingine kwa kasi ya 5. Kile cha haraka kinakufa mapema. Ndani ya nusu sekunde kimebaki kama sehemu mbili tu kati ya elfu. Baada ya hapo kinachoonekana ni kile cha polepole peke yake. Kwenye ramani, njia karibu zote zinapinda na kuingia katikati zikiwa zimelalia mstari mmoja, ule ambao v ni −5 mara x. Kwa hiyo anayetaka kujua fundo litatulia lini aangalie thamani aigeni iliyo karibu na sifuri, asidanganywe na ile kubwa. Kwa gari letu, baada ya nusu sekunde kona bado iko nusu sentimita chini, wakati yenye shokapu nzima ilikuwa imekwisha kurudi na kupitiliza. Barabara yenye matuta mfululizo inaweza kuikuta kona hiyo haijarudi juu kabla ya tuta linalofuata, na abiria wanahisi kila tuta.

Mpaka kati ya spirali na fundo uko pale ambapo kipeuo cha pili ndani ya kanuni ni sifuri, na kwa gari hili ni shokapu ya karibu nyutoni 4,840. Hapo thamani aigeni mbili zinakutana na kuwa moja. Ni mpaka mwembamba, na kuuvuka hakuleti mshtuko wowote: spirali iliyo karibu nao hupitiliza kiasi ambacho hata rula haipimi.

Imebaki hali moja ambayo fundi haioni kamwe: shokapu isiyo na nguvu kabisa. Ile 8 ikiwa sifuri, mlinganyo ni λ² + 65 = 0, na majibu ni ±8.06i, bila sehemu halisi yoyote. Hakuna kufifia wala kukua. Kona inapanda sentimita 4, inashuka sentimita 4, milele, na kwenye ramani njia ni duara lililobanwa linalojifunga lenyewe. Msawazo wa namna hii ni kitovu.

Kitovu kinastahili tukae nacho kidogo, kwa sababu ndicho kinachopotosha watu. Kipo pale tu sehemu halisi inapokuwa sifuri kamili. Msuguano mdogo kuliko wote, hata ule wa mpira kwenye maungio, unakigeuza kuwa spirali inayoingia. Nguvu ndogo kuliko zote inayosukuma upande wa mwendo inakigeuza kuwa spirali inayotoka. Fundo na spirali hazina udhaifu huo. Ukikosea kipimo cha springi kwa asilimia 2, −4 itabaki kuwa hasi.

Udhaifu huu unaonekana waziwazi mtu anapoifuata milinganyo kwa kompyuta. Njia rahisi kuliko zote, ile ya Euler, ni kuchukua hatua fupi za muda na kila mara kuongeza mabadiliko kwenye hali iliyopo. Tumia hatua za sekunde 0.01 kwa gari lisilo na shokapu. Kila hatua inaifuata njia kwa mstari ulionyooka wakati njia ya kweli inapinda kwenda ndani, kwa hiyo nukta inaangukia nje kidogo, kwa sehemu tatu hivi kati ya elfu. Hiyo ni ndogo sana, lakini mzunguko mmoja una hatua 78, na makosa yote yanaelekea upande mmoja. Mzunguko ukiisha duara limepanuka kwa karibu asilimia 29. Skrini inaonyesha spirali inayotoka, na mwanafunzi anaandika kwamba gari litajirusha lenyewe. Dalili ya kosa ni hii: punguza hatua kwa nusu, na upanukaji kwa kila mzunguko nao unapungua kwa takriban nusu. Spirali ya kweli isingejali urefu wa hatua zako. Dawa yake ni kurudi kwenye thamani aigeni na kuangalia sehemu halisi.

Kuna sababu nzito zaidi ya kuwa mwangalifu na kitovu. Springi na shokapu za kweli si za mstari kikamilifu. Shokapu nyingi hupinga kurefuka kwa nguvu zaidi kuliko kubanwa. Milinganyo yetu ni ukadiriaji ulio mzuri karibu na nukta ya msawazo. David Grobman katika Muungano wa Kisovieti mwaka 1959, na Philip Hartman huko Marekani mwaka 1960, kila mmoja alithibitisha kwamba kama hakuna thamani aigeni yenye sehemu halisi ya sifuri, ukadiriaji huo hausemi uongo: karibu na nukta, mfumo wa kweli unatulia pale wa mstari unapotulia na unakimbia pale wa mstari unapokimbia. Kwa kitovu uthibitisho huo haufanyi kazi. Hesabu ya mstari ikitoa kitovu, inakuambia utafute ushahidi mwingine.

Aliyeanzisha namna hii ya kutazama ni Mfaransa Henri Poincaré, kwa makala alizochapisha kati ya 1881 na 1886. Watangulizi wake walitafuta fomula ya suluhisho, na kwa milinganyo mingi fomula haikupatikana. Poincaré aliacha kuitafuta akauliza njia zina umbo gani, na karibu na nukta za msawazo akakuta aina hizi nne. Kwa mfumo wa mstari swali lake hujibiwa kwa mistari michache. Panga namba nne za milinganyo kwenye jedwali la mraba, yaani matriksi. Kwa gari ni 0 na 1 mstari wa juu, −65 na −8 mstari wa chini. Jumlisha namba za ulalo unaoshuka kutoka kushoto. Hiyo iwe T, na hapa ni −8. Kisha zidisha namba za ulalo huo na utoe zao la zile mbili nyingine; hiyo ni determinanti, iwe D, na hapa ni 0 + 65 = 65. T daima ni jumla ya thamani aigeni mbili, na D ni zao lake. Kwa hiyo D ikiwa hasi, moja ni chanya na nyingine hasi. D ikiwa chanya, linganisha T² na 4D: T² ikizidi ni fundo, ikipungukiwa ni spirali, na T ikiwa sifuri ni kitovu. Alama ya T ndiyo inayosema kama fundo au spirali inaingia au inatoka. Kwa gari, 64 ni ndogo kuliko 260, na jibu ni spirali inayoingia.

Hali ya D hasi hatujaikuta bado, na gari haliwezi kutupa, kwa sababu springi daima inarudisha. Tunahitaji mfumo ambao kitu kilichosogea kinazidi kusogezwa.

Mwingereza Lewis Fry Richardson alizaliwa 1881, mwaka uleule makala ya kwanza ya Poincaré ilipotoka. Alikuwa mtaalamu wa hali ya hewa na muumini wa Kikweka, na kwa imani hiyo hakushika silaha katika Vita Kuu ya Kwanza. Alijiunga na kikosi cha magari ya wagonjwa cha Wakweka, akawa dereva huko Ufaransa. Akiwa huko alianza kuandika milinganyo ya chanzo cha vita. Wazo lake ni kwamba kila upande unaongeza silaha kwa kuogopa silaha za mwenzake, na unajizuia kwa uzito wa gharama zake mwenyewe. Ukichukua pande mbili zinazofanana, x na y zikiwa matumizi ya silaha yakipimwa kutoka kwenye nukta ya msawazo:

x' = −0.2x + 0.9y
y' = 0.9x − 0.2y

Hapa muda unahesabiwa kwa miaka. Ile 0.2 ni kujizuia, na 0.9 ni hofu. Tumia kanuni yetu: T ni −0.4, D ni 0.04 − 0.81, yaani −0.77. Determinanti ni hasi, na thamani aigeni ni 0.7 na −1.1. Hili ni tandiko.

Kwenye ramani ya tandiko upo mstari mmoja unaoingia katikati na mmoja unaotoka. Njia nyingine zote zinakuja kama zinazotaka kutulia, kisha zinapinda na kukimbia. Kwa Richardson, unaoingia ni ule wa tofauti kati ya pande mbili: x ikizidi y, hesabu inasema ziada hiyo inafifia kwa kasi ya 1.1. Unaotoka ni ule wa jumla. Pande mbili zinakaribiana na wakati huohuo zote zinapanda. Anayepima tofauti peke yake ataona usawa unaokuja na kudhani ni amani.

Richardson alijaribu wazo hili kwa bajeti za kijeshi za Ufaransa na Urusi upande mmoja, Ujerumani na Austria-Hangaria upande wa pili. Jumla yake kwa mamilioni ya pauni ilikuwa 199.2 mwaka 1909, kisha 204.8, 214.9, 238.7, na 289.0 mwaka 1913. Alipolinganisha ongezeko la kila mwaka na ukubwa wa jumla, nukta zililalia mstari wenye mwinuko wa 0.73, unaokata sifuri kwenye milioni 194. Hiyo 0.73 ndiyo thamani aigeni chanya, na 194 ndiyo nukta ya msawazo. Toa 194 kutoka kila jumla uone kilichobaki: 5.2, 10.8, 20.9, 44.7, 95.0. Kila mwaka ziada inakuwa takriban maradufu, kama thamani aigeni ya 0.73 inavyodai. Vita vilianza mwishoni mwa Julai 1914, na Novemba mwaka huo mapigano yalikuwa Tanga.

Ulinganifu huo unasisimua, lakini usikubaliwe bila kuhojiwa. Bajeti tano zinatoa maongezeko manne tu, na nukta nne kulalia mstari ni ushahidi mdogo. Tofauti kati ya pande mbili nayo haikufifia: Ufaransa na Urusi zilizidi kwa milioni 31 mwaka 1909, zikafika 51 mwaka 1912, zikarudi 44 mwaka 1913. Milinganyo inaweza kueleza ziada ya kudumu iwapo upande mmoja una manung'uniko makubwa kuliko mwingine, kwa namba isiyobadilika inayoongezwa kwenye mlinganyo wake. Kupanda na kushuka kule haikuelezi. Tena, milinganyo ya mstari haina dari, wakati hazina ya nchi inayo. Thamani aigeni zinaeleza mwendo karibu na nukta, na mwaka 1913 mfumo ulikuwa umekwisha kwenda mbali nayo.

Jambo moja linabaki imara hata ukitilia shaka kila bajeti. Pande mbili zinazoogopana haziwezi kutoa spirali. Ili nukta izunguke, athari mbili za msalaba lazima ziwe na alama kinyume, kama kwenye gari, ambako 1 ni chanya na −65 ni hasi: kasi inaongeza umbali, umbali unapunguza kasi. Hofu ni chanya pande zote mbili, na hapo T² huzidi 4D siku zote. Kinachowezekana ni tandiko au fundo tu, na kinachoamua ni kama zao la hofu mbili linazidi zao la vizuizi viwili.

Punguza hofu kutoka 0.9 hadi 0.15 na uache kujizuia kwenye 0.2. Sasa D ni 0.04 − 0.0225, chanya, na thamani aigeni ni −0.05 na −0.35. Tandiko limekuwa fundo, na silaha zinarudi kwenye msawazo zenyewe. Lakini angalia ile iliyo karibu na sifuri: kwa kasi ya 0.05 kwa mwaka, ziada ya jumla inahitaji miaka 20 kushuka hadi chini kidogo ya asilimia 37 ya ilivyokuwa, na miaka karibu 14 kupungua kwa nusu.